Shangazi Aliyemlea Marehemu Ana Haki Gani Mahakamani?

Tuchukue ajali moja ya kubuni, ingawa mkazi wa Tanga anaweza kuiona kama anaijua. Fuso lililobeba marobota ya katani linatoka Muheza, linapita Pongwe, linaelekea Kange. Breki zilianza kuleta shida tangu juzi. Dereva alimweleza tajiri wake, akaambiwa afikishe mzigo kwanza, gereji ataenda baadaye. Karibu na kituo cha mabasi cha Kange dereva anakanyaga breki, pedali inazama mpaka chini, na Fuso linaikumba bodaboda iliyosimama kando ya barabara ikisubiri kukatisha. Kijana anayeiendesha anafia pale pale. Abiria wake anarushwa mtaroni, anainuka na michubuko ya kiwiko tu. Ng'ambo ya barabara shangazi wa yule kijana anakaanga mihogo, na ameona kila kitu tangu gari lilipoanza kuyumba.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea. Mama mzazi anaishi Lushoto, na alimleta mtoto Tanga akiwa na miaka mitatu. Siku ya ajali, kabla mama huyo hajapigiwa simu na mtu yeyote, video ya ajali inamfikia kwa WhatsApp kupitia kundi la ukoo, na sura ya mwanawe inaonekana waziwazi. Waendesha bodaboda wenzake marehemu ndio waliolala chini kumvuta kutoka kwenye matairi, wakampakia kwenye bajaji kumkimbiza hospitali ya Bombo.

Miezi mitano baadaye abiria hawezi tena kupanda pikipiki wala kulala usiku mzima. Shangazi ameacha biashara, harufu ya mafuta ya moto inamrudisha kwenye ajali na anatetemeka. Mama wa Lushoto hali, hasemi. Mmoja wa wale waendesha bodaboda ameuza pikipiki yake kwa bei ya hasara. Hakuna kati yao aliyevunjika mfupa. Nani anaweza kumdai mwenye Fuso fidia kwa ugonjwa wa akili uliotokana na mshtuko?

Mtazamo wangu nauweka mezani mapema. Mgawanyo wa waathirika wa kwanza na waathirika wa pili, ambao majaji wa Uingereza waliujenga kwa karibu karne nzima, una kazi yake na tusiutupe. Lakini ndani yake kuna sharti moja kuhusu mapenzi ya ndugu ambalo tukilichukua lilivyo litawaumiza watu kama huyu shangazi, na sheria yetu wenyewe imeshawapa majaji wetu ruhusa ya kulirekebisha.

Kwanza tuondoe jambo linaloua madai mengi kabla hayajasimama. Huzuni haina fidia. Kulia, kukosa hamu ya kula kwa wiki kadhaa, kumwota marehemu, hayo ni maumivu ya binadamu yeyote aliyefiwa, na mahakama haiyalipii hata kama uzembe wa dereva uko wazi kama mchana. Kinacholipiwa ni ugonjwa wa akili unaotambulika kitabibu: sonona, au ule ugonjwa wa baada ya tukio la kutisha ambao mgonjwa huliishi tukio upya, hukwepa kila kinachomkumbusha, na mwili wake hukaa katika hali ya tahadhari kana kwamba hatari bado ipo. Shangazi anayetetemeka kwa harufu ya mafuta yuko karibu sana na maelezo hayo. Lakini kuwa karibu hakutoshi. Lazima daktari wa magonjwa ya akili amwone, autaje ugonjwa, na aeleze kwa nini anauhusisha na ajali.

Sasa abiria. Huyu ndiye mwathirika wa kwanza, na kesi yake ndiyo nyepesi kuliko zote. Alikuwa ndani ya hatari yenyewe. Fuso lingeweza kumvunja mgongo au kumuua. Mwaka 1995, katika kesi ya Page dhidi ya Smith, majaji wa juu wa Uingereza walishughulikia ajali ya magari mawili ambayo haikumjeruhi mtu yeyote mwili, lakini dereva mmoja alisema ilimrudishia ugonjwa wa uchovu sugu aliokuwa nao zamani. Wakaamua hivi: kama mdaiwa alipaswa kuona kwamba uzembe wake ungeweza kumjeruhi mdai mwili, inatosha. Haijalishi kwamba kilichotokea ni ugonjwa wa akili badala ya mfupa kuvunjika, na haijalishi kwamba mtu mwingine mwenye moyo mgumu angeondoka salama. Abiria wetu hahitaji kuthibitisha kwamba anampenda mtu yeyote wala kwamba yeye ni jasiri. Alikuwepo hatarini, mwenye gari alizembea, na ugonjwa umefuata.

Mwathirika wa pili ni yule ambaye hatari haikumgusa. Anaugua kwa sababu ya alichokiona kikimpata mwingine. Shangazi alikuwa ng'ambo ya barabara, gari halikuelekea kwake. Hapo mahakama inaanza kuogopa, na woga huo una sababu. Ajali moja ya Kange inaonwa na abiria wa mabasi, wauza karanga, wanafunzi waliokuwa wakivuka. Wote wakiruhusiwa kudai, uzembe wa dakika moja utazaa madai yasiyo na mwisho. Ndiyo maana mwathirika wa pili hupitishwa kwenye tundu la sindano, na tundu hilo lilichongwa kwenye kesi moja inayostahili kusomwa taratibu.

Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, polisi walifungua lango kupunguza msongamano wa mashabiki nje, lakini hawakuwazuia kumiminika kwenye vizimba vya nyuma ya goli ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Watu wakabanwa kwenye nyaya. Idadi ya waliokufa kutokana na siku ile ilifikia 97, wa mwisho wao akifariki miaka mingi baadaye. Ndugu wa waathirika wakamshitaki mkuu wa polisi wa South Yorkshire. Wengine walikuwa uwanjani, sehemu nyingine. Wengine waliona kwenye televisheni. Kesi ikajulikana kwa jina la mdai mmoja, Alcock, na Novemba 1991 wadai kumi waliofika mahakama ya juu kabisa walishindwa wote.

Masharti waliyowekewa ni haya. Mdai awe na uhusiano wa karibu wa mapenzi na aliyeumia. Awe karibu na tukio kwa wakati na mahali, au afike mara tu baada yake. Na alione au kulisikia kwa macho na masikio yake mwenyewe, si kwa kusimuliwa. Zaidi ya hayo, madhara ya akili yawe ni kitu ambacho mdaiwa angeweza kukitarajia kwa mtu wa kawaida mwenye uvumilivu wa kawaida, jambo ambalo abiria wetu hakuulizwa.

Mmoja wa wadai wale alikuwa jukwaani pale uwanjani akitazama. Alijua ndugu zake wawili, kaka zake wa tumbo moja, walikuwa nyuma ya lile goli. Wote wawili walikufa. Kwa mahali na wakati alikuwepo, kwa macho aliona. Akashindwa. Majaji walisema mapenzi ya karibu yanadhaniwa kuwepo kati ya mzazi na mtoto, mume na mke, na wachumba waliokwisha kuposana. Ndugu hawamo kwenye dhana hiyo. Ndugu anapaswa kuleta ushahidi kwamba kweli alimpenda ndugu yake kwa kiwango hicho, na ushahidi huo haukuletwa. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado inanichoma. Mtu amepoteza kaka wawili mbele ya macho yake, na kilichomwangusha ni kwamba faili lake halikuwa na maelezo ya jinsi walivyoishi.

Rudi kwa shangazi wa Kange. Kwa wakati, mahali na macho, hana upungufu wowote. Kwa mapenzi, anaanza akiwa nyuma. Dhana ya mapenzi anayo mama wa Lushoto, ambaye hakuwepo. Kwa kipimo cha Alcock kama kilivyo, mwanamke aliyemwogesha mtoto huyu, akampeleka kliniki, akamnunulia sare ya shule kwa hela ya mihogo, anaingia mahakamani kama mpita njia mpaka atakapothibitisha vinginevyo. Hapa kwetu kulelewa na shangazi, bibi, au mama mkubwa ni maisha ya kawaida ya ukoo. Mtoto hupelekwa Tanga mjini asome, na anayemlea ndiye anayeitwa shuleni akikosea. Kipimo kinachomchukulia mlezi kama mgeni kilitungwa kwa kutazama nyumba ya baba, mama na watoto wawili.

Je, mahakama zetu zinafungwa na kipimo hicho? Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Sheria ya Sura ya 358, inayoeleza ni sheria zipi zinatumika nchini, katika kifungu cha 2(3) imepokea misingi ya sheria ya mapokeo ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tuitumie tarehe hiyo kwenye mada yetu tuone inatupeleka wapi. Mwaka 1901, katika kesi ya Dulieu dhidi ya White, mama mjamzito alikuwa nyuma ya kaunta ya baa ya mumewe wakati gari la farasi lilipoingia mpaka ndani. Hakuguswa, lakini alishtuka na akajifungua kabla ya wakati. Jaji Kennedy alikubali kwamba mshtuko unaweza kulipiwa, ila akaweka mpaka: lazima uwe umetokana na hofu ya mtu kwa ajili ya usalama wake mwenyewe. Ni mwaka 1925 tu, katika kesi ya Hambrook dhidi ya Stokes, ndipo mahakama ya rufani ya Uingereza ilipokubali dai la mama aliyeshtuka kwa kuhofia watoto wake, baada ya kuona lori lisilo na dereva likiporomoka kutoka kona ambayo watoto wametoka kupita.

Kwa hiyo ukiing'ang'ania tarehe ya 1920 kwa ukali, mwathirika wa pili hana dai kabisa Tanzania. Hata mama mzazi aliyesimama hatua tano kutoka kwa mwanawe angeambiwa arudi nyumbani. Sijui wakili mwenye dhamiri atakayesimama kutetea matokeo hayo. Lakini ukikubali, kama ninavyokubali, kwamba majaji wetu wanaweza kwenda mbele ya 1920, basi ukubali pia kinachofuatia: maamuzi yote yaliyokuja baadaye, Hambrook, Alcock na mengine, ni ya kushawishi tu. Jaji wa Mahakama Kuu Tanga huyasoma, huyapima, na huchukua yanayofaa. Na kifungu hicho hicho kimeongeza kwamba sheria hiyo ya mapokeo itatumika kwa kadiri tu mazingira ya nchi na watu wake yanavyoruhusu, pamoja na marekebisho ambayo mazingira ya hapa yatayalazimu. Sioni mazingira yanayohitaji marekebisho zaidi ya malezi ya ukoo.

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi. Dhana ya mapenzi iliyopo kwa mzazi iongezewe mtu aliyemlea marehemu kama mtoto wake. Haiongezwi kwa kila shangazi, wala kwa mjomba wa Korogwe aliyemwona mara ya mwisho kwenye harusi. Kwa maisha ya mtu mmoja walezi wa aina hiyo huwa wachache, na bado watabanwa na masharti ya mahali, wakati na macho, na bado watahitaji daktari. Anayeogopa mafuriko ya kesi atulie. Bima na tajiri wa Fuso watamlipa mtu yule yule ambaye akili ya kawaida ya Mtanga ingemwita mama.

Mama wa Lushoto ana tatizo tofauti kabisa. Dhana ya mapenzi anayo, lakini tukio alilipata kwenye skrini ya simu. Wadai wa Hillsborough walioona kwenye televisheni walishindwa, na wengi husimulia uamuzi huo kana kwamba ulisema picha haihesabiki kamwe. Sababu yake ilikuwa finyu zaidi. Picha zilizorushwa siku ile hazikuonyesha mateso ya mtu anayetambulika, kwa sababu kanuni za utangazaji zilikataza. Mtazamaji aliona umati, akapata hofu, na uhakika ulikuja baadaye kwa njia nyingine. Majaji wenyewe waliacha mlango wazi kwamba ipo siku picha za moja kwa moja zingeweza kuwa sawa na kuona. Msingi huo haupo kwenye video ya WhatsApp. Simu ya mtu aliyesimama Kange haina mhariri wala kanuni, na uso wa kijana uko pale pale.

Hata hivyo sina uhakika kama nataka mlango huu ufunguliwe wote. Video si ya moja kwa moja, imepita mikononi mwa mtu aliyeamua kuirekodi na mwingine aliyeamua kuituma, na mwenye Fuso atasema, kwa haki, kwamba maamuzi hayo si yake. Ningekuwa jaji ningeuliza video ilimfikia baada ya muda gani, na kama alikuwa ameshapata habari kabla. Mama huyu anayo pia njia ya kawaida zaidi kama alisafiri mara moja. Katika kesi ya McLoughlin dhidi ya O'Brian, ajali ilitokea Oktoba 1973, mama akapewa habari akiwa nyumbani, akafika hospitali kama saa mbili baada ya ajali, akawakuta mumewe na watoto bado wamejaa mafuta na matope, na binti yake mdogo amekufa. Alishinda, kwa sababu alilikuta tukio kabla halijasafishwa. Huyu Alcock, kwa upande wake, alimtambua shemeji yake chumba cha maiti saa nane hivi baada ya tukio, na hilo likahesabiwa kuwa limechelewa. Kutoka Lushoto kuteremka Mombo, kupita Korogwe na Segera mpaka Bombo, ni safari ya saa kadhaa hata kwa gari la haraka. Umbali huo hauonyeshi kiasi cha upendo wake, lakini kwa sheria ilivyo unaweza kumnyima dai.

Wale waendesha bodaboda waliomvuta mwenzao wana hali ya kusikitisha. Baada ya Hillsborough polisi waliohudumia majeruhi nao walidai, na mwaka 1998, katika kesi ya White dhidi ya mkuu yule yule wa polisi, walikataliwa: kuokoa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwathirika wa kwanza mpaka awe alikuwa hatarini, au aliamini kwa sababu za msingi kwamba yuko hatarini. Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana aliyeuza pikipiki ni moja: ulipolala chini ya Fuso, lilikuwa limetulia? Kama breki zilikuwa zimekufa, injini inanguruma na marobota yanaelekea kuporomoka, yuko upande wa abiria. Kama gari lilikuwa limezimwa na limewekewa mawe kwenye matairi, amehesabiwa mtazamaji.

Sasa faili lenyewe, maana mapungufu mengi huanzia hapo. Wakili wa shangazi asiandike kwenye hati ya madai kwamba mdai ni shangazi wa marehemu kisha akaishia hapo. Aandike tangu lini walikaa pamoja, nani alilipa ada, nani alisaini fomu za shule. Kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jirani wa miaka mingi aliye tayari kutoa ushahidi, ndivyo vitu ambavyo yule mdai aliyepoteza kaka wawili hakuwa navyo mbele ya majaji. Mahali aliposimama lionyeshwe kwenye mchoro wa ajali wa trafiki au kwa picha, na liwekwe wazi kwamba hakuna kilichomziba.

Kwa upande wa ugonjwa, tarehe ndiyo kila kitu. Mtu akibadilika baada ya msiba, familia nyingi za huku humwahisha kwa shehe amsomee dua, wengine kwa mganga. Sina ugomvi na dua. Lakini ikipita miezi minane bila daktari kuandika neno, wakili wa bima atasimama na kuuliza kama ugonjwa umeletwa na ajali au na deni la kikoba, na shangazi hatakuwa na karatasi ya kumjibu. Aende Bombo mapema, aombe kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili, na arudi kila tarehe anayopangiwa. Mkoa huu una hospitali ya Lutindi, milimani Korogwe, ambayo imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, kwa hiyo kukosa pa kwenda si hoja nzuri kizimbani.

Dai hili pia lisichanganywe na lile la wategemezi chini ya sheria ya ajali zinazosababisha vifo, Sura ya 310, ambalo ni kwa ajili ya matunzo yaliyopotea kwa kifo cha kijana. La shangazi ni dai lake binafsi, kwa mwili wake na akili yake. Muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo, na kama gari lingekuwa la serikali ingebidi kwanza kutoa notisi ya siku 90. Miaka mitatu inaonekana mirefu kwa mtu mzima. Kwa mtu asiyelala, ambaye mwaka wa kwanza wote ndugu walimwambia avumilie tu, huisha haraka, na ni wajibu wa wakili wa kwanza atakayezungumza naye kumuuliza tarehe ya ajali kabla ya kumuuliza jambo lolote jingine.